Mteja Mkubwa Anayekula Faida: Jinsi ya Kupima Kila Mteja Anakuachia Nini

Saa moja na dakika arobaini asubuhi kenta yetu ilifika kwenye geti la nyuma la supamaketi moja jijini Dar es Salaam. Mlinzi akampa dereva kadi ngumu yenye namba 9. Mbele yetu kulikuwa na magari manane, ya mikate, ya maziwa, ya maji ya kunywa, na kila moja lilisubiri zamu yake. Nilikuwa nimekaa katikati ya dereva na utingo, daftari mapajani, maana wiki ile nilimwomba bosi aniruhusu nitoke ofisini nipande gari. Tulianza kushusha saa tatu na dakika tano. Watu wa mapokezi wakahesabu katoni moja moja, wakafungua mbili, wakakataa moja kwa sababu kona yake ilikuwa imebonyea. Saa tatu na nusu tukatoka. Mzigo wote ulikuwa katoni 14.

"Mhasibu," dereva akaniambia tukiwa tunarudi barabarani, "hapa ni hivi kila siku. Matawi yote matatu."

Supamaketi hiyo ndiyo iliyokuwa ya kwanza kwenye ripoti yetu ya mauzo. Sisi tulikuwa wasambazaji wa sabuni, dawa ya meno na mafuta ya kujipaka, tukiwa na kenta mbili na maofisa mauzo watatu. Kila mkutano wa mwezi jina lake lilitajwa kwa fahari. Baada ya hesabu nitakayokuonyesha hapa, tuligundua kwamba katika miezi mitatu ilitutia hasara ya zaidi ya milioni mbili na nusu, wakati duka moja la jumla la Mbagala, ambalo halikuwahi kutajwa kwenye mkutano wowote, lilituachia milioni moja na nusu. Tarakimu nimezirekebisha ili zisimtambulishe mtu, lakini uwiano wake ni ule ule. Ukiwa na ankara zako, daftari na kompyuta yenye Excel, unaweza kufanya hesabu hii mwenyewe ndani ya wiki tatu hivi.

Anza na mauzo yaliyo safi

Chukua miezi mitatu, si mmoja. Mwezi mmoja hudanganya: mapunguzo ya mwisho wa robo hayajaingia, marejesho ya bidhaa yanakuja kwa mafungu, na Ramadhani au Desemba inaweza kuangukia humo ikapotosha picha nzima.

Toa orodha ya ankara kwa kila mteja, kisha uondoe kodi ya ongezeko la thamani. Hiyo si pesa yako, unaishikilia tu kwa niaba ya TRA. Ondoa pia gharama ya ununuzi wa bidhaa alizochukua mteja huyo hasa, wala si wastani wa bidhaa zote. Anayenunua dawa ya meno tupu na anayenunua sabuni ya mche tupu hawana faida ghafi inayolingana.

Kazi inayochosha ni kurudisha mapunguzo kwa wenyewe. Kwetu, punguzo la mwisho wa robo la supamaketi lilikuwa linaingizwa kwenye akaunti ya "matangazo", pamoja na fulana na mabango. Katoni za bure za "nunua kumi upate moja" zilikuwa zinapotelea kwenye akaunti ya upungufu wa stoo. Kwa hiyo ukiangalia ankara pekee unaona faida ghafi ya asilimia 12, kumbe asilimia 3 nyingine imekwisha kurudi kwa mteja kwa mlango wa nyuma. Kaa na mtu wa mauzo, mpitie kila hati ya punguzo na kila katoni ya bure, mwandike ilikwenda kwa nani. Hatua hii peke yake hubadilisha mpangilio wa wateja kabla hujagusa gharama ya gari.

Kosa la kugawa kwa mauzo

Wengi wakifika hapa hufanya jambo ambalo linaonekana la haki: wanachukua gharama zote za usambazaji na kuzigawa kwa uwiano wa mauzo. Kwetu mauzo ya robo yalikuwa milioni 900, na ya supamaketi milioni 60. Gharama zote za magari zilikuwa shilingi 23,600,000. Kwa uwiano huo supamaketi ingebeba shilingi 1,573,000 hivi. Gharama yake halisi, kama utakavyoona, ilikuwa mara mbili ya hiyo.

Ukigawa kwa mauzo, kila mteja atabeba asilimia ile ile ya gharama, na matokeo yatakuwa ripoti ya faida ghafi iliyoshushwa kidogo. Hutagundua chochote. Gari halijui ankara ni ya shilingi ngapi. Linachojua ni kilomita na foleni.

Tafuta bei ya dakika

Njia iliyotufaa ni ya kuhesabu muda. Ilienezwa na Robert Kaplan na Steven Anderson mwaka 2004, kama njia nyepesi zaidi ya kugawa gharama kwa shughuli, na inahitaji vitu viwili tu: dakika moja ya kazi fulani inagharimu shilingi ngapi, na mteja fulani anatumia dakika ngapi.

Nikuonyeshe kwa magari. Gawa gharama zake mafungu mawili. Fungu la kwanza ni zile zinazokwenda na muda: mishahara ya dereva na utingo, bima, ushuru wa maegesho, uchakavu wa gari. Kwetu zilikuwa shilingi 14,600,000 kwa robo. Fungu la pili ni zile zinazokwenda na mwendo: dizeli, matairi, sevisi. Hizo zilikuwa shilingi 9,000,000, na dashibodi za kenta zote mbili zilionyesha tumekwenda kilomita 12,000. Kwa hiyo kilomita moja ni shilingi 750.

Kwa upande wa muda, kenta mbili kwa siku 78 za kazi zinatupa siku 156 za gari. Siku ya kazi ni saa nane, lakini usiziandike zote nane. Asubuhi kuna kupakia, mchana kuna kula, jioni kuna kurudisha hesabu. Muda unaobaki wa kumhudumia mteja ni kama saa sita na nusu, yaani dakika 390. Zidisha kwa 156 upate dakika 60,840. Gawanya shilingi 14,600,000 kwa dakika hizo: shilingi 240 kwa dakika.

Fanya vivyo hivyo kwa waliobaki. Kwetu dakika ya ofisa mauzo, pamoja na pikipiki na vocha yake, ilitoka shilingi 140. Ya karani wa ofisini anayepokea oda na kutoa ankara, shilingi 100. Ya mtu wa stoo, shilingi 80. Mafungu manne au matano yanatosha. Niliwahi kuona jedwali lenye mafungu 22, na aliyelitengeneza hakuweza kulirudia robo iliyofuata.

Kodi ya ofisi, mshahara wa bosi na ada ya mkaguzi wa hesabu usiziguse. Hakuna mteja anayezisababisha, na hakuna atakayeziondoa kwa kuondoka. Ukilazimisha kuzigawa, utajikuta una wateja wengi wa "hasara" ambao kosa lao ni kwamba bosi amehamia ofisi nzuri zaidi.

Pima muda kwa macho yako

Hapa ndipo hesabu inapopatia au inapokosea. Usimuulize meneja mauzo mteja anachukua muda gani. Atakwambia dakika 40 kwa kila mtu, na kwa nia njema kabisa.

Tuliwapa madereva madaftari madogo yenye safu tano: mteja, saa ya kufika, saa ya kuanza kushusha, saa ya kuondoka, kilomita kwenye dashibodi. Safu ya "kuanza kushusha" ndiyo ya thamani kuliko zote, kwa sababu inatenganisha kusubiri na kufanya kazi. Kusubiri ni jambo unaloweza kwenda kulizungumza na mteja. Kushusha katoni ni kazi uliyoikubali.

Wiki ya kwanza madaftari yalikuja na saa za duara: saa tatu kamili, saa nne kamili, saa nne na nusu. Hiyo ni dalili kwamba yamejazwa jioni nyumbani. Sababu yake ilikuwa hofu: madereva walidhani tunawachunguza wao. Bosi akawaita, akawaambia wazi kwamba muda wa kusubiri hautahesabiwa dhidi ya dereva yeyote, na kwamba tunataka kujua nani anatuchelewesha. Wiki ya pili tukaanza kuona saa mbili na dakika kumi na saba, saa tatu na dakika tano. Unaweza pia kuhakikisha kwa kujumlisha dakika za siku nzima, pamoja na safari, na kulinganisha na saa gari lilipotoka na kurudi getini. Zikipishana kwa zaidi ya nusu saa, rudi kwa dereva mkae mzungumze.

Huhitaji kupima kila safari kwa miezi mitatu. Wiki mbili za daftari zinatosha kupata wastani kwa kila mteja mkubwa, na kwa maduka madogo unachukua wastani wa kundi. Kisha unazidisha kwa idadi ya safari, ambayo ankara zako tayari zinaijua. Kwenye Excel, karatasi ya Safari ikiwa na jina la mteja kwenye safu B, dakika kwenye safu E na kilomita kwenye safu F, gharama ya kumfikishia mzigo mteja aliye kwenye A2 inatoka hivi:

```
=SUMIFS(Safari!E:E,Safari!B:B,A2)*240+SUMIFS(Safari!F:F,Safari!B:B,A2)*750
```

Angalia tahajia ya majina. Mteja aliyeandikwa kwa namna tatu kwenye ankara atatokea kama wateja watatu wadogo wasio na hatia.

Ofisini na stoo fanya vivyo hivyo kwa siku chache. Karani wetu alitumia dakika 12 kwa oda ya duka la kawaida: simu, ankara, risiti ya mashine, basi. Oda ya supamaketi ilimchukua dakika 35, kwa sababu kila hati ya mapokezi ilibidi ilinganishwe na ankara, na katoni iliyokataliwa ilidai hati nyingine. Stoo nako, duka la jumla lilichukua katoni nzima nzima. Supamaketi ilitaka aina nyingi kidogo kidogo, na kila oda ilikula dakika 40 za kuokota.

Pesa iliyolala kwa mteja

Gharama inayosahaulika zaidi ni riba ya deni, kwa sababu kwenye vitabu inakaa chini kabisa, pamoja na mambo ya benki, mbali na jina la mteja yeyote. Lakini kama unatumia ovadrafti kulipia mzigo wakati mteja hajalipa, basi mteja huyo ndiye anayekusababishia riba hiyo.

Mkataba wetu na supamaketi ulisema siku 60. Tulipokokotoa tarehe halisi za malipo, wastani ulikuwa siku 75. Tumia siku halisi kila mara. Na kwenye deni, tofauti na kwenye mauzo, hapa unairudisha kodi ya ongezeko la thamani, kwa sababu ritani ya kodi hiyo inatakiwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, mteja awe amelipa au hajalipa. Kwa asilimia 18, mauzo ya milioni 60 ni deni la shilingi 70,800,000. Ovadrafti yetu ilikuwa asilimia 17 kwa mwaka:

```
=70800000*17%*75/365
```

Jibu ni kama shilingi 2,473,000 kwa robo moja. Siku niliyomwonyesha bosi kiasi hicho alikaa kimya kwa muda, kisha akaniomba nikirudie mbele yake kwa kikokotoo.

Kama hukopi benki, riba bado ipo, ila imejificha: ni punguzo ambalo ungelipata kwa kumlipa kiwanda taslimu, au mzigo ambao umekosa kununua. Chagua kiwango kimoja cha busara ukitumie kwa wateja wote.

Weka wawili hao ubavu kwa ubavu

Supamaketi ilipelekewa mzigo mara mbili kwa wiki kwenye matawi matatu, yaani safari 78 kwa wiki 13. Kila kituo, pamoja na mwendo, kilichukua wastani wa dakika 130: dakika 20 barabarani, 85 za kusubiri na 25 za kushusha na kuhesabiwa, sawasawa na asubuhi ile niliyokuwamo. Duka la Mbagala lilipelekewa mara moja kwa wiki, dakika 45, na mwenyewe alilipa kwa simu mzigo unapoisha kushushwa. Mbagala ni mbali na stoo yetu, kwa hiyo kilomita zake kwa safari zilikuwa mara mbili ya zile za supamaketi. Hapo ndipo watu wa mauzo waliposhikilia kwamba duka hilo halilipi.

| Kwa robo, shilingi | Supamaketi | Duka la Mbagala |
|---|---|---|
| Mauzo bila kodi | 60,000,000 | 24,000,000 |
| Faida ghafi | 7,200,000 | 2,040,000 |
| Punguzo la mwisho wa robo | (1,800,000) | 0 |
| Muda wa gari | (2,433,600) | (140,400) |
| Kilomita | (702,000) | (234,000) |
| Ofisi na kufuatilia malipo | (393,000) | (15,600) |
| Stoo | (249,600) | (20,800) |
| Ofisa mauzo | (100,800) | (54,600) |
| Mpanga rafu | (1,050,000) | 0 |
| Marejesho yasiyolipwa na kiwanda | (600,000) | (30,000) |
| Riba ya deni | (2,473,000) | 0 |
| Kilichobaki | (2,602,000) | 1,544,600 |

Tazama faida ghafi: supamaketi asilimia 12, Mbagala asilimia 8.5. Kwa kipimo kile tulichokuwa tunakitumia siku zote, supamaketi ilikuwa bora kwa ukubwa na kwa faida pia. Mpanga rafu ni kijana tuliyemwajiri sisi akae kwenye matawi yao kupanga bidhaa zetu. Mshahara na nauli yake vilikuwa vinaingia kwenye gharama za wafanyakazi wote wa idara ya mauzo, hakuna aliyeviona kama gharama ya mteja mmoja.

Hakikisha dakika zinajumlika

Kabla hujamwonyesha mtu yeyote jedwali, jumlisha dakika za gari za wateja wote. Zetu zilifika 49,500 kati ya 60,840. Zilizobaki, dakika 11,340, ni gari lililokuwa halina kazi, na thamani yake ni shilingi 2,721,600. Hizi usimbebeshe mteja. Ni gharama ya bosi mwenye magari mengi kuliko kazi iliyopo, na inatakiwa ionekane kwenye mstari wake yenyewe. Ukizigawa kwa wateja, kila mteja anayeondoka atawafanya waliobaki waonekane wabaya zaidi, utawafukuza na hao, mpaka ubaki na magari yaliyoegeshwa.

Jumla ikizidi dakika ulizonazo, umekosea mahali: ama muda wa vituo umekuzwa, ama kuna mizigo ambayo mteja aliifuata mwenyewe stoo ukaihesabu kama safari. Ya pili ndiyo tuliyokutana nayo.

Baada ya hapo wapange wateja wote, kuanzia anayeacha faida kubwa hadi mwenye hasara kubwa, na safu ya mwisho iwe jumla inayokua. Utaiona ikipanda juu sana, ikitulia kwa muda mrefu, kisha ikianza kushuka. Mfano unaojulikana sana ni wa Kanthal, kiwanda cha nyaya za kuzalishia joto huko Uswidi. Kilipofanya hesabu ya namna hii miaka ya 1980, kilikuta asilimia 20 ya wateja wanaleta asilimia 225 ya faida, asilimia 70 wako karibu na sifuri, na asilimia 10 ya mwisho wanapoteza asilimia 125. Kati ya wale wabaya kabisa walikuwamo wawili wa wateja wake wakubwa kwa mauzo. Hilo lina sababu yake. Mteja mdogo hawezi kukutia hasara kubwa hata akitaka. Inahitaji mtu mwenye sauti ya kudai mapunguzo, siku za ziada na mizigo midogo ya mara kwa mara, vyote kwa pamoja.

Usimfukuze kwa hasira

Bosi aliposoma jedwali alitaka kuandika barua siku ile ile. Nilimwomba aniachie usiku mmoja, nikakaa na swali jingine: akiondoka kesho, ni gharama zipi zitaondoka naye?

Riba ya deni itaondoka. Mpanga rafu, kilomita na marejesho pia. Jumla yake ni shilingi 4,825,000. Lakini madereva watalipwa vile vile, bima vile vile, karani na mtu wa stoo vile vile. Na tutakuwa tumepoteza shilingi 5,400,000, ile faida ghafi baada ya punguzo. Kwa maana hiyo kumwacha ghafla kungetufanya tuwe wabaya zaidi kwa shilingi 575,000 kwa robo, na bado sijahesabu bonasi ya kiwanda, ambayo hutolewa ukifikisha kiwango cha manunuzi. Kuondoa milioni 60 za mauzo kungetuacha chini ya kiwango hicho.

Kwa hiyo jedwali linasema mteja anakula rasilimali zenye thamani kuliko anachotoa. Halisemi kwamba akiondoka utapata pesa hizo mkononi. Muda uliookolewa unageuka pesa kwa njia mbili tu: uuze gari, au ulipatie kazi nyingine. Supamaketi ilitumia siku 26 za gari. Ukijumlisha na siku 29 zilizokuwa hazina kazi unapata 55, na kenta moja ni siku 78. Kuuza gari kusingewezekana.

Tulichofanya ni kwenda kuzungumza, tukiwa na daftari la dereva mkononi. Meneja manunuzi wao hakuwa amewahi kuambiwa kwamba magari yanasubiri dakika 85 kwenye geti lake, na nadhani alikuwa mkweli alipotwambia hivyo. Usiende na jedwali la faida yako. Hilo ni siri yako na litamfundisha tu kiasi gani bado unaweza kubanwa. Nenda na mambo anayoweza kuyabadilisha: idadi ya safari, muda wa kusubiri, siku za malipo.

Tulikubaliana mzigo uende mara moja kwa wiki kwa kila tawi badala ya mbili. Kila kituo kikarefuka hadi dakika 150, lakini safari zikashuka hadi 39, na dakika 4,290 za gari zikaokoka pamoja na kilomita 468. Punguzo likashuka hadi asilimia 2, nalo likafungwa kwenye sharti la kulipa kwa wakati, na wastani wa malipo ukashuka hadi siku 45. Mpanga rafu tukagawana gharama yake nusu kwa nusu na msambazaji mwingine. Muda wa foleni kwenye geti haukupungua, hilo walikataa.

Kwa shilingi, muda wa gari ulitupa 1,029,600, kilomita 351,000, karani 97,500, punguzo 600,000, riba 989,000 na mpanga rafu 525,000. Jumla 3,592,100, na hasara ya 2,602,000 ikageuka faida ya shilingi 990,100. Sehemu ya jumla ile ya 3,592,100, kama milioni 1.1 ya gari na karani, ilikuwa faida ya kwenye karatasi mpaka tupate kazi ya kujaza muda ule. Siku zetu 29 za awali zilikuwa vipande vya alasiri visivyofaa kitu, lakini huu uliookolewa ulikuwa muda wa asubuhi, ambao ndio maduka ya jumla hupokea mizigo. Dakika 4,290 zinatosha kuhudumia maduka saba kama lile la Mbagala. Maofisa mauzo wakaelekezwa Chamazi na Kongowe kuyatafuta.

Maduka madogo ni hesabu nyingine

Mkia wa orodha utakuwa na maduka mengi ya mtaani yenye hasara ndogo ndogo. Usipoteze muda kuyachambua moja moja. Tafuta kiwango cha chini cha oda. Kituo cha duka lililo njiani kilitugharimu dakika 20 za gari, shilingi 4,800. Kilomita tatu, 2,250. Karani dakika 12, 1,200. Stoo dakika 10, 800. Na ofisa mauzo dakika 15, 2,100. Jumla shilingi 11,150. Kwa faida ghafi ya asilimia 9, oda inayolipa gharama hiyo ni:

```
=11150/9%
```

Yaani kama shilingi 124,000. Tuliweka 125,000. Anayeagiza chini ya hapo tulimpa hiari tatu: aunganishe oda za wiki mbili, aungane na jirani washushiwe mahali pamoja, au achukue kwenye duka la jumla lililo karibu naye, ambalo ni mteja wetu pia. Wengi walichagua kuunganisha. Mama mmoja wa Mbagala Rangi Tatu alisema afadhali hivyo, maana gari likija mara mbili kwa wiki lilimlazimu kuacha wateja wake dukani kila mara kuja kuhesabu katoni mbili.